Mwongozo kamili: Kuchati kimahaba bila maneno yenu kuishia kwenye simu za marafiki

Wengi wanaoumbuka kwa meseji za mapenzi hawajadukuliwa na mtu yeyote. Meseji zimetoka kwa mlango wa kawaida kabisa: aliyezipokea kapiga skrinshoti, kamwonyesha rafiki mmoja, rafiki kaomba atumiwe, na jioni kundi zima linazisoma. Wengine walikuwa wamewasha meseji za kupotea wakaamini kazi imekwisha. Wengine walifuta kila kitu kwenye simu zao, wakasahau kwamba simu ya pili ina nakala.

Mwongozo huu unahusu WhatsApp, kwa sababu ndiko mahaba mengi yanakoandikwa kwetu. Ni wa watu wazima wawili walioridhiana. Kama mmoja wenu hajafika miaka 18, achaneni kabisa na meseji na picha za aina hii. Hapo sheria ni nyingine, na hakuna mpangilio wa simu unaoweza kulirekebisha jambo hilo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu yako yenyewe, isiwe ya kuazima wala ya ofisini.
- WhatsApp iliyosasishwa. Matoleo ya zamani yanakosa baadhi ya vitufe nitakavyovitaja.
- Namba ya siri ya kufungulia simu ambayo hajui mtu mwingine, hata mdogo wako anayeazima simu kucheza gemu.
- Nusu saa ya utulivu, na mwenzako awe anapatikana kwa simu, kwa sababu hatua ya nne huwezi kuifanya peke yako.

Majina ya vitufe nimeyaandika kama yanavyosomeka kwenye simu iliyowekwa Kiingereza, kwani ndivyo simu nyingi zilivyo.

## Hatua ya 1: Tazama skrinshoti inabeba nini

Fungua maongezi yoyote ya kawaida kwenye simu yako, piga skrinshoti, kisha iangalie kama mtu asiyekujua.

Juu kabisa utaona jina na picha ya wasifu ya unayeongea naye. Kando ya kila meseji kuna saa. Pembeni mwa zako kuna tiki zinazoonyesha kama zimesomwa. Sasa geuza: kwenye simu ya mwenzako, jina la juu ni lako, na limeandikwa kama yeye alivyolihifadhi. Kama amekuandika kwa jina kamili na mahali pa kazi, kila skrinshoti anayopiga inatoka na jina lako na mahali pako pa kazi. Kama hajakuhifadhi, inatoka na namba yako ya simu.

Zoezi hili lina sababu. Meseji ya mahaba peke yake ni aibu tu, na aibu hupita. Kinachoumiza ni pale meseji, jina, sura na saa vinapokaa kwenye picha moja, kwa sababu hapo mtu hawezi tena kusema siyo yeye.

Fahamu pia kwamba katika maongezi ya kawaida WhatsApp haimjulishi mtu kwamba mwenzake amepiga skrinshoti. Ukisikia mtu anasema "ningejua kama angepiga", anachanganya na Snapchat.

Umefaulu ikiwa: unaweza kutaja, bila kuangalia, mambo manne yanayoonekana kwenye skrinshoti ya maongezi yenu mbali na maneno yenyewe. Kama picha yako ya wasifu inaonyesha uso na sare za kazi, ibadilishe leo, au nenda "Settings", kisha "Privacy", kisha "Profile photo", uchague nani aione.

## Hatua ya 2: Ziba upande wako kwanza

Huna haki ya kumlaumu mwenzako kama uvujaji umeanzia kwako. Kuna matundu matano, na mimi huyaziba kwa mpangilio huu.

Vifaa vilivyounganishwa. Fungua "Linked devices". Akaunti moja inaweza kuunganishwa na vifaa vinne zaidi ya simu yako, na vinaendelea kupokea meseji hata simu yako ikiwa imezimwa. Mtu akishika simu yako iliyo wazi kwa dakika moja tu, anaweza kuiunganisha na kompyuta yake, akasoma kila kitu kwa wiki kadhaa. Ukiona kifaa usichokifahamu, kibonyeze kisha "Log out". Hili ndilo tundu linalosahaulika kuliko yote, ndiyo maana nimeliweka la kwanza.

Meseji zinazoonekana simu ikiwa imefungwa. Ingia kwenye mipangilio ya taarifa za simu, uzuie maneno ya meseji yasionekane kwenye skrini iliyofungwa. Simu iliyolala mezani kwenye kikao cha familia haipaswi kuonyesha "nimekumiss hadi mwili unauma".

Picha zinazojihifadhi. Kwenye Android, fungua maongezi hayo, bonyeza jina la juu, tafuta "Media visibility" uweke "No". Kwenye iPhone ni "Save to Photos", weka "Never". Usipofanya hivyo, picha aliyokutumia inaingia kwenye albamu ya simu, na albamu hiyo pengine inajipakia kwenye hifadhi ya mtandaoni inayofunguka pia kwenye tableti ya nyumbani.

Nakala ya akiba. WhatsApp huhifadhi nakala ya maongezi Google au iCloud. Ndani ya "Chats", kisha "Chat backup", washa "End-to-end encrypted backup" na uweke nenosiri. Bila hilo, anayeweza kuingia kwenye akaunti yako ya barua pepe anaweza kuwa amepata njia ya kufikia nakala hiyo. Onyo: ukilisahau nenosiri hilo, nakala haifunguki tena, na hakuna wa kukusaidia. Liandike mahali, mbali na simu.

Wizi wa akaunti. Kwenye "Account", washa "Two-step verification" na uweke namba zako sita. Na tarakimu sita za kuthibitisha zinazokuja kwa meseji usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni mpenzi wako aliyebadilisha laini.

Kisha funga maongezi yenyewe: yashikilie kwa kidole kwenye orodha, chagua "Lock chat". Yatahamia kwenye sehemu inayofunguka kwa alama ya kidole au namba ya siri.

Umefaulu ikiwa: "Linked devices" inaonyesha vifaa unavyovitambua tu, na ukimpa rafiki simu yako aangalie picha za harusi, hakuna mahali atakapokutana na maongezi hayo kwa bahati mbaya.

## Hatua ya 3: Washa meseji za kupotea, ukijua mwisho wake

Bonyeza jina la mwenzako juu ya maongezi, kisha "Disappearing messages". Kuna saa 24, siku 7 na siku 90. Kwa mahaba chagua saa 24. Saa zinahesabiwa tangu meseji ilipotumwa, hata kama haijasomwa. Meseji zilizotangulia kabla hujawasha hazipotei, hivyo zifute kwa mkono, na mwombe mwenzako afute upande wake.

Hii inapunguza akiba ya maneno yanayoweza kuchimbuliwa miezi sita baadaye, siku mliyogombana. Hiyo ni faida kubwa na ndiyo maana ninaipendekeza. Lakini haimzuii aliyeisoma leo kupiga skrinshoti leo. Meseji iliyosambazwa kwenye maongezi mengine inabaki huko. Meseji iliyonukuliwa kwenye jibu inaweza kuendelea kuonekana. Picha iliyokwisha kujihifadhi kwenye albamu ya simu haifuatwi.

"Delete for everyone" nayo ina mipaka. Inafanya kazi kwa siku mbili na kidogo tu tangu kutuma, na inaacha alama kwamba kulikuwa na ujumbe uliofutwa. Simu nyingi za Android zina kumbukumbu ya taarifa zilizoingia, kwa hiyo maneno uliyoyafuta yanaweza kusomeka humo.

Kwenye matoleo mapya kuna pia "Advanced chat privacy". Inazuia maongezi kutolewa yote kwa pamoja kama faili, na inazuia picha kujihifadhi zenyewe. Iwashe, ila ujue kuwa haizuii skrinshoti.

Umefaulu ikiwa: ukirudi kesho jioni, meseji za leo asubuhi hazipo, na hujaanza kuandika kwa uhuru zaidi eti kwa sababu zinapotea. Hilo la pili ndilo linalowaangusha watu.

## Hatua ya 4: Patana na mwenzako kuhusu marafiki

Hapa ndipo ulinzi wenyewe ulipo, na ndipo karibu kila mtu anapoona haya. Watu wawili wanaweza kutumiana maneno ambayo wasingeyatamka mbele ya kioo, lakini hawawezi kuulizana: je, unawaonyesha wenzako?

Uliza mapema, kabla maneno hayajapamba moto, na uliza kwa kupiga simu au ana kwa ana. Mkiwa mmeshaandikiana mengi, swali hilo linasikika kama tuhuma. Mwanzoni linasikika kama utaratibu. Maneno yanaweza kuwa hivi:

"Nina ombi. Haya tunayoandikiana yawe ya sisi wawili. Mimi sitamwonyesha mtu, na wewe naomba usimwonyeshe mtu. Ukitaka kumsimulia rafiki yako, msimulie kwa mdomo, ila simu usimpe na picha usimtumie."

Sehemu ya mwisho nimeiweka kwa makusudi. Ukimwambia mtu asimwambie yeyote chochote, umemdai jambo ambalo binadamu mwenye mapenzi mapya hawezi. Atakubali kwa mdomo na atavunja ndani ya wiki. Ukimruhusu kusimulia na kumkataza kuonyesha, umempa mpaka anaoweza kuulinda. Simulizi la mdomo halina jina lako juu yake, halina saa, na halisambazwi kwa kidole kimoja.

Msikilize anavyojibu. Jibu zuri ni la wazi, na mara nyingi linakuja na sharti lake yeye pia: "Sawa, lakini na wewe kwa shoga yako yule, usinionyeshe." Hapo mmepatana. Jibu la "kwani unaniogopa?" au "una nini cha kuficha?" si jibu, ni kukwepa. Usipandishe maneno hadi upate lililo wazi.

Kuna ishara moja ninayoiamini kuliko ahadi yoyote. Je, amewahi kukuonyesha meseji za mpenzi wake wa zamani, au skrinshoti za dada anayemtongoza, mkacheka wote wawili? Basi umeshaona jinsi yako zitakavyoshughulikiwa. Wakati ule ulikuwa upande wa wanaocheka, na hilo ndilo linalotufanya tusiitambue ishara yenyewe.

Ishara nyingine ni rafiki yake kukutania kwa neno ambalo uliliandika kwenye meseji na hukulitamka popote. Usilimezee. Mpigie mwenzako siku hiyohiyo: "Rafiki yako ameniita kwa lile jina. Umemwonyesha?" Wapo wanaotega mitego, wanamtumia kila mtu maneno tofauti ili wajue yatatokea wapi. Mimi sipendekezi. Ukifikia kumtega mtu, umeshajua kwamba hupaswi kumwandikia.

Umefaulu ikiwa: kila mmoja wenu anaweza kurudia makubaliano kwa maneno yake mwenyewe.

## Hatua ya 5: Andika utamu, acha mengine

Mahaba yenyewe si tatizo. Tatizo ni vitu vinavyopanda gari moja na mahaba. Tuchukue meseji ya mfano, niliyoitunga, ya dada anayefanya kazi duka la dawa Dar es Salaam:

"Bado naisikia harufu yako kwenye mto. Leo bosi kaniuliza mbona nasinzia, nikamdanganya naumwa. Kesho dada anasafiri, nitakuwa peke yangu Sinza, nyumba ile ya geti la bluu, njoo saa mbili usiku."

Isome kama inavyosomwa na mtu wa tatu. Sentensi ya kwanza ni mahaba. Ikivuja, watu watacheka siku mbili. Ya pili ni ushahidi kwamba amemdanganya mwajiri wake, na ikimfikia bosi inaweza kumgharimu kazi. Ya tatu inamwambia yeyote atakayeiona mahali anapolala, siku atakayokuwa peke yake, na saa. Dada huyo alidhani ameandika meseji moja ya mapenzi, kumbe ameandika tatu, na ile aliyoionea haya ndiyo isiyo na madhara.

Sasa iandikwe upya:

"Bado naisikia harufu yako kwenye mto. Nimesinzia mchana kutwa, na wa kulaumiwa ni wewe. Kesho nipigie saa moja, nina la kukunong'oneza."

Utamu umebaki wote, pengine umezidi. Bosi ameondoka. Nyumba imeondoka. Mahali na saa vitasemwa kwa simu. Fanya hivi kwa kila meseji hadi iwe mazoea: kabla ya kutuma, toa kila kilichomo ambacho si mahaba.

### Yasiyoandikwa kamwe

Siri ya mtu mwingine. Talaka ya dada yako, deni la baba, ugonjwa wa rafiki. Mwenye siri hakuridhia kuingia kwenye maongezi yenu, na skrinshoti ikitoka, wewe ndiye mtoa siri.

Afya yako ya ndani. Majibu ya vipimo, mimba, dawa unazotumia. Mwenzako anayo haki ya kujua yanayomhusu, na ni wajibu wako kumweleza. Mweleze mkiwa mmekaa pamoja. Karatasi ya majibu mwonyeshe mkononi, usiipige picha ukaituma.

Vitisho vya utani. "Ukiniacha nitakuua", "nikikukuta na mwanamke mwingine nakuchoma." Kwenye sauti ya mpenzi, maneno haya yana kicheko ndani yake. Kwenye skrinshoti kicheko hakipo, na mbele ya polisi yanasomeka kama yalivyoandikwa.

Maneno ya kulazimisha. "Hata ukikataa utanipa tu." Usiyaandike, na usiyaseme. Akikwambia hapana, au akikaa kimya, simama hapo.

Ahadi ya ndoa na maneno ya nje ya ndoa. Hapa watu hawajui kina cha maji. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaruhusu mtu kudai fidia kwa ahadi ya ndoa iliyovunjwa. Inamruhusu pia mume au mke kumdai fidia mtu aliyezini na mwenzi wake. Na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, meseji haikataliwi mahakamani kwa sababu tu iko kwenye simu. Ukiandika "nitakuoa Desemba" ili kumlainisha, umeandika kitu ambacho wakili anaweza kukisoma kwa sauti. Kama unamaanisha, kaiseme mbele ya wazee.

Namba za siri na vitambulisho. Namba ya siri ya M-Pesa, namba ya NIDA, picha ya kadi ya benki. Mapenzi yanaweza kwisha, namba ya NIDA haibadiliki.

Umefaulu ikiwa: unaweza kuchukua meseji zako tano za mwisho, ukawaza zimesomwa na mama yako, mwajiri wako na jirani mwizi, na kitu pekee unachokihisi ni kuona haya.

## Hatua ya 6: Sauti na picha

Watu hudhani kurekodi sauti ni salama kuliko kuandika. Ni kinyume. Meseji ya maandishi inaweza kughushiwa, na kila mtu anajua hivyo, kwa hiyo aliyevujishiwa anabaki na nafasi ya kukana. Sauti yako inatambulika na yeyote aliyewahi kukusikia, na inasambazwa ikiwa nzima. Kwa yale mazito piga simu. Simu nayo inaweza kurekodiwa, lakini inamhitaji mtu aliyepanga kukuharibia tangu mwanzo, na wavujaji wengi si wa namna hiyo. Wengi ni watu waliojawa na furaha na wenye rafiki karibu.

Kuhusu picha za mwili, ushauri wangu ni kutotuma. Nausema nikijua wengi watatuma. Basi angalau uso usionekane, wala tatuu, kovu, shanga anazozijua mtu, pazia la chumbani au kioo kinachoakisi. Tumia alama ya 1 ndani ya duara, picha itazamwe mara moja. WhatsApp huzuia skrinshoti ya picha ya namna hiyo, ila haiwezi kuzuia simu ya pili iliyoshikwa juu ya ya kwanza.

Usitume picha kwa kubembelezwa. Anayesema "kama unanipenda utatuma" ameshakuonyesha atakavyokubembeleza siku akitaka pesa.

## Hatua ya 7: Wewe unapotaka kumwonyesha rafiki

Tuseme ukweli: sote huomba ushauri. Meseji imekuja, huielewi, unataka shoga yako akuambie kama jamaa anamaanisha. Wanaume nao hufanya hivyo vijiweni, mara nyingi kwa kujisifu zaidi ya kuuliza. Aliyekuandikia ana haki ileile unayoidai wewe.

Njia ya kwanza, na mara nyingi inatosha, ni kusimulia. "Kaniambia anataka tupunguze kuonana, lakini kila usiku ananitafuta. Wewe unaonaje?" Rafiki mwenye busara hahitaji kuona tiki za bluu ili akujibu.

Kama maneno yenyewe ndiyo yenye utata, msomee sentensi hiyo moja, simu ikiwa mkononi mwako. Usimpe simu. Kidole kikipanda juu kidogo tu, kimeshafika kwenye mengine.

Kama rafiki yuko mbali na huna budi kutuma, kata picha ibaki sentensi moja, bila jina, bila picha ya wasifu, bila saa. Kama kuna neno la kuficha katikati, lifunike kwa kisanduku cheusi kilichojaa. Kalamu ya kupaka inayopitisha mwanga haifai, kwa sababu kuna wanaoongeza mng'ao wa picha na maneno yakaonekana tena. Tuma kwa mtindo wa kutazamwa mara moja, kwa mtu mmoja, kamwe usitume kwenye kundi. Kundi la mashoga watano ni simu tano, nakala za akiba tano, na waume au wadogo wanaoazima simu hizo.

Picha ya mwili ya mtu hakuna namna ya kumwonyesha rafiki. Hata kwa sekunde moja, hata kwa sifa. Kenya, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018, kifungu cha 37, inaadhibu kusambaza picha ya faragha ya mtu: faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili.

Umefaulu ikiwa: umepata ushauri uliouhitaji na rafiki yako hawezi kurudia neno kwa neno alichoandika mwenzako.

## Hatua ya 8: Yakishavuja

Usifute chochote kwanza. Hasira inakusukuma kufuta maongezi na kumzuia mtu, na kwa kufanya hivyo unachoma ushahidi wako mwenyewe. Hifadhi skrinshoti zinazoonyesha namba iliyosambaza, jina la kundi, tarehe na saa. Kama imewekwa kwenye ukurasa wa wazi, nakili anwani yake. Mwombe rafiki mmoja unayemwamini naye ahifadhi, kwa sababu kwenye simu yako inaweza kutoweka.

Kisha mpigie aliyevujisha, mara moja, kwa ufupi: afute, awaambie aliowatumia wafute, na akutajie ni nani. Mara nyingi ni mtu mmoja au wawili, na ukiwahi saa za mwanzo moto unazimika. Usimjibu kwa kuanika za kwake. Ukifanya hivyo mnakuwa wakosaji wawili, na malalamiko yako yanapoteza nguvu.

Akikudai pesa, usilipe. Aliyelipwa mara moja anajua unalipika. Acha kumjibu, hifadhi madai yake, nenda polisi.

Kwa picha za mwili za mtu aliyetimiza miaka 18, fungua StopNCII.org. Inatengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya simu yako mwenyewe, picha haiondoki, na alama hiyo ndiyo inayotumwa kwa mitandao inayoshirikiana nao, ikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, ili nakala zizuiwe. Haiwezi kufika kwenye maongezi ya faragha ya WhatsApp. Huko kazi yako ni kuripoti ujumbe: ushikilie kwa kidole, chagua "Report". Kama aliye kwenye picha alikuwa chini ya miaka 18, tumia takeitdown.ncmec.org, na usimtumie mtu picha hiyo hata kama ushahidi.

Tanzania, nenda kituo cha polisi uulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa uchapishaji wa picha za ngono na pia unyanyasaji wa mtandaoni. Imeandikwa kwa upana, kwa hiyo kama na wewe ulituma picha, ongea na mwanasheria kabla hujakabidhi simu. TAWLA na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hutoa msaada wa kisheria Tanzania, na FIDA hufanya hivyo Kenya kwa wanawake.

Ukishamaliza hayo, rudi hatua ya 2, fungua tena "Linked devices". Kama aliyekufanyia hivi aliwahi kuishika simu yako, badilisha na namba ya kuifungulia, nenosiri la barua pepe, na nenosiri la nakala ya akiba, siku hiyohiyo.